Kutoka Kufyeka Hadi Kihenge: Maneno ya Kazi za Shamba

Kulima ni neno lenye maana mbili. Kwanza ni kugeuza udongo kwa jembe. Pili ni shughuli nzima ya kuotesha zao, ndiyo maana mtu husema analima mahindi hata wiki ambayo jembe limewekwa pembeni. Ndani ya maana hiyo ya pili mna kazi nyingi, na karibu kila moja ina kitenzi chake. Ekari moja ya mahindi, zao linalolimwa karibu kila mkoa wa Tanzania, inatosha kuzionyesha kwa mpangilio wake.

Kazi huanza kiangazi, kabla ya mvua. Kufyeka ni kukata nyasi na vichaka kwa panga au fyekeo. Miti hukatwa kwa shoka, kisha visiki hung'olewa. Mwenye jembe la mkono huweza kuviacha visiki mwaka wa kwanza na kulima akivizunguka; mwenye plau au trekta hana nafasi hiyo. Takataka za shamba hukusanywa katika marundo yaitwayo mabiwi, zikikauka huchomwa. Majivu huurutubisha udongo kwa msimu wa mwanzo, lakini moto huo huo huteketeza majani ambayo yangeoza na kuwa mboji. Kwa sababu hiyo mabwana shamba hushauri masalia yaachwe juu ya ardhi yawe matandazo. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wana njia yao ya zamani: nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa miraba kwenye mteremko, zikafukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Mashimo yanayobaki huitwa ngoro, na hukamata maji ya mvua yasiteremke na udongo.

Ardhi ikiwa wazi, hukatuliwa. Kukatua ni kuivunja ardhi iliyolala kwa mara ya kwanza, iwe kwa jembe, kwa plau ya maksai au kwa trekta, na matokeo yake ni mabonge makubwa. Mabonge hayo huvunjwa kwa kutifua au, penye trekta, kwa kupiga haro. Anayeruka hatua hii hujulikana shamba linapoota: mbegu zilizoanguka katikati ya mabonge hazikugusana vizuri na udongo wenye unyevu, hivyo shamba hutoka na mapengo. Baada ya hapo shamba ama huachwa tambarare, ndiyo kilimo cha sesa, ama huinuliwa matuta. Matuta hufaa pale maji yanapotuama, na kwa viazi vitamu ni karibu lazima. Kwenye mteremko hukingama, yaani hukata njia ya maji.

Vipeperushi vingi hukusanya hayo yote katika maneno mawili, kuandaa shamba. Ni maneno mepesi kwa mwandishi, lakini mkulima anayeajiri vibarua akiyatumia atagombana nao siku ya malipo, maana aliyekubali kufyeka na kukatua hakukubali kutifua. Ndiyo sababu kazi hupatanwa kwa jina lake na kwa ngwe, yaani kipande kilichopimwa.

Kupanda ni jina la jumla la kutia mbegu ardhini. Kusia ni kumwaga mbegu kitaluni ili miche ihamishwe baadaye, na kuihamisha huko ni kuatika au kupandikiza, kama ifanywavyo kwa mpunga, nyanya na vitunguu. Mahindi hayaatikwi, hupandwa moja kwa moja shambani. Kamba huvutwa, mashimo hupigwa kwa kufuata mstari, mbegu huwekwa na kufukiwa. Nafasi inayopendekezwa sana ni sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mmea mmoja kila shimo. Kwa ekari moja hiyo ni mimea karibu 18,000. Wengine hupanda kabla mvua haijanyesha, nao husemwa wamepanda kwenye vumbi. Huwahi mvua ya kwanza, lakini ikinyesha kidogo na kukatika, mbegu huota na kunyauka. Miche ikishatoka, palipozidi hupunguziwa na palipokosa hurudishiwa. Kurudishia kunapaswa kufanywa mapema, kwa kuwa mche uliochelewa hufunikwa na wenzake.

Palizi ya kwanza hufika wiki mbili au tatu baada ya mahindi kuota. Kupalilia ni kuondoa magugu kwa jembe. Yaliyo karibu na shina hung'olewa kwa mkono ili mizizi ya hindi isikatwe. Katika palizi ya pili udongo huvutwa kwenye mashina, kazi iitwayo kupandishia udongo, na mmea hupata kusimama imara kwenye upepo. Gugu moja halingoji jembe, nalo ni kiduha. Hujishika kwenye mizizi ya mahindi na mtama na kunyonya, na huwa limekwisha kudhuru kabla halijachomoza juu. Kulipalilia baadaye hakuponyi zao la mwaka huo, ila kuling'oa kabla halijatoa mbegu huokoa miaka inayofuata, kwa kuwa mbegu zake, ndogo kama vumbi, hukaa ardhini miaka mingi.

Zao likianza kukomaa kuna kuamia, yaani kulilinda dhidi ya ndege na wanyama. Mwamiaji hukaa juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa, akiwa na kombeo lake. Kwenye mahindi adui ni nyani na ngedere; kwenye mtama na mpunga ni kwelea kwelea.

Kuvuna nako kuna vitenzi vyake: karafuu na pamba huchumwa, nazi huangulwa, muhogo hung'olewa, mpunga hukatwa, korosho huokotwa. Hindi hugobolewa, yaani huvunjwa kwa mkono kutoka kwenye bua. Kisha huanikwa, na mawingu yakitanda huanuliwa. Punje hutolewa kwenye gunzi kwa kupukuchua, ilhali mpunga na maharage hupurwa. Makapi huondolewa kwa kupepeta.

Kabla ya kuhifadhi, punje ziwe na unyevu usiozidi asilimia 13. Asiye na kipimo hutumia chumvi: hutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, hutikisa, kisha huacha zitulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Mahindi mabichi huota kuvu, na kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara.

Mahindi makavu huwekwa kwenye kihenge kilichosukwa kwa fito, juu ya uchaga, au katika magunia ghalani. Humo hungoja fukusi na dumuzi. Dumuzi ni mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyetambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na uharibifu wake hujulikana kwa unga mwingi unaobaki chini ya mahindi. Mfuko usiopitisha hewa humuua bila dawa, mradi ufungwe kabisa na usitobolewe.

Sokoni kipimo kilichozoeleka ni gunia la kilo 100, karibu debe sita. Gunia lililojazwa hadi kuota kilemba huitwa lumbesa, nayo imepigwa marufuku Tanzania. Mkulima auze kwa mizani.