Barua ya Kuomba Udhamini: Mwambie Mdhamini Atapata Nini

Barua nyingi za timu za mitaani kwenda kwa wafanyabiashara zinafanana. Zinaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", zinaeleza kwamba vijana wana vipaji ila hawana jezi wala mipira, kisha zinaomba "msaada wowote utakaojaliwa". Mkurugenzi akimaliza kusoma hajui anaombwa kiasi gani wala kampuni itafaidika vipi. Barua inaishia kwenye faili.

Mara nyingi fedha za udhamini hutoka kwenye fungu la matangazo, na meneja anayelisimamia lazima aeleze fungu hilo limeleta nini. Barua nzuri humpa majibu hayo mkononi.

Tuchukue mfano wa timu ya vijana wa chini ya miaka 17 mjini Morogoro, inayokiendea kiwanda cha jirani kinachosaga na kufungasha unga wa sembe. Tuseme msimu mzima unahitaji shilingi 2,200,000: jezi za nyumbani na ugenini 800,000, usafiri wa mechi za ugenini 800,000, mipira 300,000, maji na huduma ya kwanza 200,000, na ada ya mashindano 100,000. Wazazi na wanachama wanachanga 700,000. Kiwanda kinaombwa 1,500,000 zilizobaki. Mchango huo wa wazazi usiachwe nje ya barua, maana unaonyesha kwamba timu haikukaa kusubiri.

Kisha barua inaorodhesha kile ambacho kiwanda kitapata:

1. Nembo ya kiwanda kifuani kwenye jezi zote, msimu mzima.
2. Bango la mita 3 kwa 1 katika mechi zote 10 za nyumbani. Timu italifunga na kulitunza.
3. Tangazo la kipaza sauti kabla ya mechi na wakati wa mapumziko.
4. Meza ya kuuzia unga pembeni ya uwanja siku za mechi za nyumbani.
5. Timu haitachukua mdhamini mwingine wa biashara ya unga.
6. Taarifa ya kila mwezi yenye picha, idadi ya watazamaji na matumizi ya fedha.

Kila ahadi hapo inaweza kuhesabiwa. Ukiandika "tutaitangaza kampuni yenu", hakuna atakayejua umetimiza lini. Ukiandika mechi 10, meneja anaweza kuja uwanjani Jumamosi akaliona bango lake.

Swali litakalofuata ni: wanakuja watu wangapi? Usijibu "maelfu". Hesabu watazamaji wakati wa mapumziko katika mechi tatu, andika tarehe na idadi, uambatanishe. Watu 150 waliohesabiwa, wengi wao wazazi na majirani wanaonunua unga kila wiki, wana thamani kwa kiwanda hicho kuliko umati wa kukisia.

Kabla ya kuahidi, soma kanuni za mashindano. Waandaaji wenye mdhamini wao wanaweza kukataza mabango mengine, au kutaka nembo yao ikae kwenye jezi. Picha za watoto zinahitaji ridhaa ya wazazi, tena ya maandishi. Na kwa timu ya walio chini ya miaka 18, usiende kwa kampuni ya bia wala ya kubeti, hata kama ndiyo yenye fedha ya haraka. Huwezi kumvalisha mtoto tangazo la kitu ambacho haruhusiwi kukinunua.

Ambatanisha nakala ya cheti cha usajili wa klabu, utambulisho wa serikali ya mtaa na namba ya akaunti ya benki ya klabu yenye watia saini zaidi ya mmoja. Barua inayoelekeza fedha kwenye simu ya kocha hutia shaka, hata kama kocha ni mwaminifu. Ipeleke miezi miwili au mitatu kabla ya msimu, kwa jina la cheo cha mhusika, na upate saini ya aliyeipokea. Baada ya wiki mbili, fuatilia.

Mkikubaliwa, andikeni mkataba hata wa ukurasa mmoja. Chukueni nembo kutoka kiwandani kwenyewe, mchapishe jezi moja ya mfano, na meneja aidhinishe kabla ya kuchapa zote. Nembo ikikosewa rangi kwenye jezi 40, hasara ni ya timu.

Viongozi wa timu, kabla ya kutia saini barua yenu, pitieni ahadi moja moja na muandike pembeni jina la mtu atakayeitekeleza. Ahadi isiyo na jina ifuteni. Mdhamini aliyepewa mambo manne yote ni rahisi kumrudia mwakani kuliko aliyeahidiwa kumi akaona mawili.