Barua kwa Sonara

Mchoro humwonyesha sonara umbo la kidani, lakini unene hauonekani karatasini, na unene ndio unaokula dhahabu. Kidani cha duara chenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 1, cha karati 18, huwa na takriban gramu 7.6. Ongeza nusu milimita tu, zinapita 11. Basi andika hivi:

“Fundi, shikamoo. Naomba kidani cha karati 18 kwa vipimo vya mchoro huu, kisizidi gramu 8. Dhahabu na ufundi pamoja visipite shilingi milioni 3. Harusi ni tarehe 20 Juni. Nakihitaji tarehe 10, ili marekebisho yapate nafasi.”

Siku ya kukichukua, kipimwe kwenye mizani mbele yako.