Matunda Yanayoiva Yasihifadhiwe Pamoja na Mboga

Mboga zilizochumwa asubuhi zinaweza kuharibika kabla ya wakati kwa sababu ya tunda lililowekwa kando yake. Ndizi, embe, papai, parachichi, pasheni na tufaha ni matunda ambayo yanapoiva hutoa gesi ya ethilini, isiyoonekana kwa macho. Gesi hiyo huharakisha kuiva kwa matunda yenyewe; lakini inapozifikia mboga, huzizeesha na kuziondolea rangi ya kijani.

Mfano ni tenga lenye parachichi zinazoiva, kabichi, matango na karoti, lililofunikwa kwa turubai kwa siku kadhaa. Gesi hukusanyika humo, na kiasi kisichofikia sehemu moja katika milioni moja ya hewa hutosha kuleta madhara. Kabichi huachia majani ya nje, tango hugeuka manjano, na karoti huwa chungu ingawa kwa nje huonekana nzima.

Dalili hizo zisichanganywe na kunyauka. Mboga iliyonyauka imepoteza maji, na ikinyunyiziwa mapema huweza kurejea hali yake; iliyogeuka manjano hairudi kuwa ya kijani.

Jokofu hupunguza utoaji wa gesi hiyo lakini haliiondoi, kwa kuwa hewa imefungiwa ndani. Hivyo, matunda yanayoiva yatengwe na mboga, mahali panapopitisha hewa, na yaliyopondeka yaondolewe kwanza, kwa kuwa jeraha huongeza gesi. Machungwa na mananasi hutoa gesi kidogo sana, hivyo hayana madhara makubwa kwa mboga.