Sindano ya Saa Nane Usiku

Dawa inayoaminika zaidi leo kwa malaria kali haiji ikiwa tayari kuchomwa. Artesuneti ya sindano hufika wodini ikiwa unga mweupe mkavu, miligramu 60 ndani ya kichupa kidogo cha kioo. Kwenye boksi lake mara nyingi mna vimiminika viwili vya kuichanganyia: mililita moja ya sodiamu baikaboneti na mililita tano za maji ya chumvi ya hospitali. Unga huu umekauka kwa sababu maalumu. Artesuneti ikishakutana na maji huanza kuvunjika, hivyo haiwezi kuuzwa ikiwa imeyeyushwa, wala haiwezi kuchanganywa asubuhi ikangojea jioni. Anayeichoma ndiye anayeitengeneza, palepale, kando ya kitanda cha mgonjwa.

Chukua mwanamume mwenye kilo 58 anayeletwa hospitali ya wilaya, tuseme huko Muheza, saa saba na nusu mchana. Homa ina siku nne, tangu asubuhi anaongea maneno yasiyoeleweka, na sasa haamki hata akiitwa kwa jina lake. Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Muuguzi anapima pia sukari ya damu, maana malaria kali yenyewe hushusha sukari, na sukari ikishuka mno humzimisha mtu vilevile. Kisha anaweka kanula mkononi na kuanza hesabu.

Mtu mzima hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito wake. Kilo 58 mara 2.4 ni miligramu 139.2. Kichupa kimoja kina 60, viwili vina 120 na havitoshi, kwa hiyo vinafunguliwa vitatu. Kila kichupa kinaingizwa kwanza baikaboneti yote, mililita moja, kisha kinatikiswa. Unga unakuwa kama maziwa, mapovu yanapanda, na baada ya dakika moja au mbili kimiminika kinang'aa kabisa. Kikibaki na ukungu au chembe zinazoelea, kichupa hicho kinatupwa.

Mpangilio huo haubadilishwi. Artesuneti ni tindikali isiyopenda maji, na ni baikaboneti inayoifanya iyeyuke. Anayetanguliza maji ya chumvi ili amalize haraka atatikisa mpaka achoke, na unga utabaki umeganda chini. Mapovu nayo ni hewa ya kaboni inayotoka tindikali inapokutana na baikaboneti, nayo hujaza kichupa kama soda iliyotikiswa. Ndiyo maana muuguzi huchomeka sindano tupu kwenye kizibo ili hewa itoke, kisha ndipo anaongeza mililita tano za maji ya chumvi. Yakikosekana, glukosi ya asilimia 5 inafaa. Maji matupu ya kuchanganyia sindano hayafai kwa hatua hii, ingawa mara nyingi ndiyo yaliyo karibu na mkono.

Sasa kila kichupa kina mililita sita, na kila mililita ina miligramu 10 za dawa. Miligramu 139.2 zinakuwa mililita 13.92, nazo hupandishwa hadi 14. Vichupa vitatu vimetoa 18, kwa hiyo nne zinabaki, na hizo zinamwagwa. Hapa ndipo panapomuuma mtu anayejua dawa ilivyo adimu: inaonekana ni hasara kuimwaga, na kuna anayeshawishika kuiweka kwenye friji kwa ajili ya dozi inayofuata. Isiwekwe. Dawa iliyochanganywa inapaswa kutumika ndani ya saa moja.

Inapochomwa kwenye msuli badala ya mshipa, kila kichupa huongezewa mililita mbili tu, na kila mililita inabeba miligramu 20. Mgonjwa wetu angehitaji mililita 7. Asiyeangalia tofauti hiyo anaweza kumpa mtu nusu ya dozi au dozi mbili kwa mkupuo, ilhali dawa yenyewe kwa macho ni ileile. Kuna pia vichupa vya miligramu 30 na 120, na vipya vyenye kimiminika kimoja pekee, hivyo karatasi iliyo ndani ya boksi isomwe kila mara.

Zile mililita 14 zinasukumwa polepole kwenye mshipa, mililita tatu hadi nne kwa dakika, na shughuli yote huchukua takriban dakika nne. Waliozoea kwinini, iliyohitaji dripu ya saa kadhaa na jicho lisilobanduka, huona ni jambo dogo mno kwa ugonjwa mkubwa hivyo. Lakini mwaka 2010 matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto zaidi ya 5,400 katika nchi za Afrika, Muheza ikiwa miongoni mwa vituo vyake, yalionyesha waliokufa kwa artesuneti ni 8.5 kwa kila 100, na kwa kwinini 10.9. Kwa watu wazima wa Asia, utafiti wa 2005 ulikwisha kuonyesha pengo kubwa zaidi: 15 dhidi ya 22.

Sindano ya kwanza imeingia saa nane mchana. Ya pili ni saa nane usiku, na ya tatu saa nane mchana wa kesho. Saa yetu ya Kiswahili inarahisisha jambo hili: saa kumi na mbili zikipita, namba inabaki ileile. Tatizo ni ile ya katikati. Zamu imebadilika, wauguzi ni wachache, mgonjwa ametulia, na ndugu anayemlinda anauliza, "Sista, si alichomwa mchana? Mwache alale." Nami nadhani hakuna dozi iliyo rahisi kurukwa kuliko hii.

Artesuneti huua kwa nguvu, lakini haikai. Ndani ya dakika chache mwili huigeuza kuwa dawa nyingine iitwayo dihidroatemisinini, nayo hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa moja. Kufikia jioni karibu yote imekwisha. Vimelea vilivyosalia, hasa vichanga, vinaendelea kukua ndani ya chembe nyekundu, na vikikomaa hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na figo. Sindano ya usiku huvikuta kabla havijafika huko. Ikirukwa, vinapewa saa kumi na mbili zaidi za kukua, katika siku ambayo mgonjwa yuko karibu zaidi na kifo. Kwa hiyo muuguzi akijibu, "Bado dada, hii ni ya pili, na kesho mchana kuna ya tatu," ndugu amsaidie kukumbuka saa.

Mgonjwa anaweza kuwa bado hajaamka hata baada ya zote tatu. Mtu mzima mara nyingine huchukua siku mbili au zaidi, na hilo peke yake si dalili kwamba dawa imeshindwa. Akiwa hawezi kumeza, anaendelea kuchomwa mara moja kila saa 24. Akiweza, anaanza dawa mseto, kwa kawaida ALu, vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, vyote 24. Asipewe vidonge kabla sindano tatu hazijatimia, hata akiamka mapema na kuomba chai. Na sindano hizo haziondoi haja ya vidonge, kwa kuwa vimelea vichache vilivyobaki vinaweza kuzaliana upya na kurudisha homa wiki chache baadaye.

Baada ya kuruhusiwa, arudi kupimwa wingi wa damu kila wiki kwa wiki nne. Kati ya wiki ya kwanza na ya nne, baadhi ya waliotibiwa kwa artesuneti, hasa waliokuwa na vimelea vingi mno, hupungukiwa damu ghafla: chembe ambazo dawa ilizisafisha vimelea zinakufa mapema kwa pamoja. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, macho yakageuka manjano, au akichoka kwa kutembea hatua chache, asingoje siku ya kliniki. Aende siku hiyohiyo, na aeleze kwamba alichomwa artesuneti na tarehe aliyochomwa, maana kipimo cha malaria kinaweza kutoka safi, na asiyejua historia hiyo akatafuta chanzo kwingine.