Mbona Mama wa Samaki Hulipa kwa Simu Lakini Anataka Umpe Pesa Taslimu?

Ukienda sokoni Lodwar kununua samaki wakavu, unaweza kumpata mama ambaye asubuhi hiyo ametuma pesa kwa simu hadi Kalokol, kando ya ziwa, ili mzigo wa wiki upakiwe kwenye gari. Lakini wewe ukiuliza, "Mama, nitume kwa simu?" anakujibu, "Hapana, nipe cash tu."

Watu wengi hudhani mama huyu hajui simu. Sisi hatuamini hivyo. Mtu anayetuma elfu kadhaa kila wiki anaijua simu vizuri. Anachofanya ni hesabu, na hesabu yenyewe ina maana.

Maswali mawili

Mwaka wa 1989 mtafiti Mmarekani, Fred Davis, alichapisha utafiti ambao bado unatumika kueleza kwa nini watu hukubali au hukataa teknolojia. Kwa ufupi, alisema mtu hujiuliza maswali mawili. La kwanza: kitu hiki kitanifaa katika kazi yangu? La pili: kitanisumbua kukitumia?

Davis aliwauliza zaidi ya watu 100 waliofanya kazi katika maabara ya IBM mjini Toronto kuhusu barua pepe na programu ya kuandikia. Akaona kwamba swali la kufaa lina uzito zaidi. Watu huvumilia kifaa kigumu kikiwa kinawaletea faida. Kifaa rahisi kisichofaa hukiacha hapo hapo.

Toronto ni mbali sana na Lodwar, lakini maswali ni yale yale. Kilicho tofauti ni kwamba mfanyabiashara mdogo hajibu mara moja kwa simu nzima. Anajibu kwa kila kazi peke yake: kulipa mzigo, kupokea kwa mteja, kuongea na wateja.

Hesabu ya mama wa samaki

Tuchukue mfano, na nambari zake ni za kuonyesha tu. Mama anauza samaki wa shilingi 1,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Jumla ni 6,000. Kati ya hizo, 4,000 zinarudi Kalokol kununua mzigo mwingine. Zinabaki 2,000 za unga, maji, nauli na ada ya soko.

Kutuma 4,000 kwa simu kunamfaa waziwazi. Bila simu, angepanda gari mwenyewe au angempa mtu pesa mkononi na kungoja kwa wasiwasi. Hapa jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na hata kama menyu inamchanganya kidogo, atajifunza.

Sasa tuseme wateja wote wanamlipa kwa simu. Kila jioni anahitaji kama 300 mkononi kwa sababu anayemuuzia maji na anayemuuzia unga wanataka sarafu na noti. Anaenda kwa wakala. Tukisema ada ya kutoa ni shilingi 29 kila mara, siku 6 ni shilingi 174. Hizo zinatoka kwenye zile 2,000 za nyumbani. Ndiyo maana anasema, "Nipe cash."

Lakini hesabu hiyo hiyo inaonyesha kitu ambacho wengi hukikosa. Zile 4,000 za Kalokol zitatumwa kwa simu hata hivyo. Akizipokea kwa pesa taslimu, lazima atembee hadi kwa wakala kuziweka kabla ya kuzituma, na siku nzima amekaa sokoni na noti kwenye leso. Wateja wakimlipa hizo 4,000 kwa simu, zinapita moja kwa moja bila kutolewa.

Kwa hivyo kanuni ni hii: pokea kwa simu kiasi kile utakachokilipa kwa simu. Kinachobaki, pokea taslimu. Kama anayekuletea mzigo hakubali simu, basi anza na yeye kabla ya kuwaomba wateja.

Meseji isiyosomeka

Swali la pili, la usumbufu, lina sura yake Turkana. Kila malipo huja na meseji. Asiyejua kusoma lazima ampe mtu simu amsomee, na hapo siri ya biashara imetoka. Tena mkora anaweza kutuma meseji ya uongo inayofanana na ile ya kweli.

Mfanyabiashara huyo huyo asiyetaka malipo kwa simu unaweza kumkuta akitumia WhatsApp kila siku. Anarekodi sauti kwa lugha yake, anamtumia mteja, anapokea jibu la sauti na picha ya bidhaa. Hakuna kusoma. Tofauti iko kwenye kazi anayotakiwa kuifanya. Mtu ni yule yule.

Kama hili ni tatizo lako, usitegemee meseji. Kumbuka salio lako kabla ya mteja kutuma, kisha angalia salio tena kwenye menyu kabla ya kutoa bidhaa. Nambari mbili tu, na nambari wengi tunazitambua hata bila kusoma maneno. Salio halijapanda, pesa haijaingia.

Kakuma: pale ambapo huchagui

Ukipanda barabara kutoka Lodwar hadi Kakuma, maswali ya Davis yanaanza kupungukiwa. Mwaka wa 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula katika kambi ya Kakuma. Sehemu ya msaada wa chakula iliingia kwenye laini ya simu ya familia, na ingetumika tu katika maduka yaliyosajiliwa. Haikuweza kutolewa kama pesa taslimu.

Mwenye duka aliyetaka wateja hao hakuuliza kama mfumo ni rahisi. Pesa ya mteja ilikuwa humo. Tukiona duka limekubali, tusiseme mara moja kwamba mwenyewe ameupenda mfumo.

Na wapo wanaotaka lakini wanazuiwa. Laini husajiliwa kwa kitambulisho. Mkimbizi ambaye hati zake hazijakamilika mara nyingi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Siku wakikosana, au laini ikipotea, mwenye jina ndiye anayeweza kuirudisha, pamoja na pesa. Mtu kama huyo akikataa kuweka mtaji wake kwenye simu, anajua anachofanya.

Deni pia lina mtego wake. Mteja akikopa chakula hadi msaada ujao, wakati mwingine huacha laini yake dukani kama dhamana, hata na namba ya siri. Usiiache, na wewe mwenye duka usiipokee. Andika deni kwenye daftari, kila mtu abaki na laini yake. Pesa ikipotea kwenye laini uliyoshika, wewe ndiwe utakayeulizwa.

Kabla ya kusema ndiyo au hapana

Leo jioni chukua daftari, andika pesa uliyolipa wiki hii na uliyemlipa. Weka alama kwa kila anayekubali simu. Jumlisha hizo tu. Hicho ndicho kiasi cha kupokea kwa simu wiki ijayo. Kisha angalia ada ya sasa ya kutoa kwenye menyu, uizidishe mara ambazo ungeenda kwa wakala. Kama jumla ya alama zako ni sufuri, basi "nipe cash" ndilo jibu sahihi kwako kwa sasa, na usimwache mtu akuambie umebaki nyuma.