Picha ya karatasi ya korti: si mwaliko, na si hukumu

Tuchukue mfano wa mama wa Butembo aliye safarini Bunia. Kijana wake anamutumia kwa WhatsApp picha ya karatasi iliyoachwa nyumbani. Juu imeandikwa "Assignation en déguerpissement". Kijana anamwambia: "Mama, iko tu mwaliko, banakuita." Jirani anasoma chini na kusema: "Hapana, bamekwisha kukuhukumu!" Wote wawili wamekosea.

"Assignation" ni wito wa korti katika kesi ya madai. Mtu amemushitaki mama na siku ya kesi imepangwa. "Déguerpissement" ni kuondolewa kwenye parseli: anayeshitaki anataka mama ahame. Herufi "RC" pamoja na namba ni namba ya kesi ya madai. Kama ingekuwa "RP", ingekuwa kesi ya makosa ya jinai, na hapo kifungo kinawezekana.

Maneno yaliyomushitua jirani ni "Par ces motifs", kisha "condamner". Mwishoni mwa hukumu pia maneno haya yanaonekana. Lakini ndani ya wito ni maombi ya anayeshitaki tu. Jaji hajasema kitu.

Picha ile ilikata sehemu ya chini. Ni pale wisie, yaani mjumbe wa korti, anaandika tarehe na jina la aliyepokea kopi. Hata kama mama hakuwepo, kopi iliyopewa mtu wa nyumbani inaweza kuhesabika. Kwa hiyo kijana apige picha upya, kurasa zote, mbele na nyuma.

Ile tarehe inasaidia kuhesabu "huit jours francs", siku nane kamili. Siku ya kupokea na siku ya kesi hazihesabiwi. Karatasi iliyopokelewa tarehe 3 haiwezi kumuita mama mbele ya tarehe 12. Umbali unaongeza siku moja kwa kila kilomita 100.

Kama siku zimepungua, mama asikae nyumbani akifikiri wito ni bure. Asipofika, korti inaweza kuhukumu "par défaut", yaani bila kumusikiliza.

Hapo ndipo kazi ya avoka. Kosa la wito linapashwa kusemwa mwanzoni, mbele ya kujibu kuhusu parseli yenyewe. Mtu aliye peke yake mara nyingi anaanza kueleza namna alivyonunua, na nafasi ile inapita. Avoka anaenda pia kwa grefye kusoma faili na kuona karatasi ambazo mushitaki ameleta.

Mwenye kukosa pesa aulize kwenye baro ofisi ya mashauri ya bure, "Bureau de consultations gratuites". Aende na karatasi yenyewe, si picha tu, pamoja na hati zote za parseli.