IST ya 2005 ni Ipi, Mwanangu?

Simama kona yoyote ya Dodoma mjini jioni, Majengo au Nkuhungu, utazame ndinga zinazokatiza. IST, Vitz, Noah, IST tena. Wana wengi wameshausoma huo mchezo: unavuta spea Kariakoo, unazitupia stetasi, mteja wa Kondoa, Mpwapwa au Manyoni anatuma maokoto, mzigo unapanda basi. Mchongo upo na unalipa. Kinachouchoma ni tangazo la aina hii: "Taa ya IST ipo, 2005, bei maelewano."

Tangazo hilo halijataja taa ya gari lipi. IST ya kwanza ilianza kuuzwa Japani Mei 2002, na toleo la pili likaingia Julai 2007. Katikati hapo, mwisho wa Mei 2005, Toyota wakaibadilisha sura ile ya kwanza: taa za mbele, shoo, bampa, na taa za nyuma zikawa za LED. Kwa hiyo IST iliyotoka kiwandani Februari 2005 na iliyotoka Septemba 2005 zote ni "2005" kwenye kadi, lakini taa ya moja haikai kwa nyingine. Ukiandika "nyu modo" ndiyo umechanganya zaidi, maana mmoja ataelewa ile yenye sura mpya ya 2005, mwingine ataelewa toleo la 2007. Wote wawili wako sahihi, na mmoja wao atapokea mzigo usiomhusu.

Halafu kuna hii ya kuita gari kwa namba. "Oya, nataka shokapu za IST namba D." Mwanangu, herufi ya kwenye pleti inafuata foleni ya usajili wa TRA. Inakuambia ndinga iliandikishwa lini hapa Bongo, basi. IST ya 2003 inaweza kuwa na namba D, na ya 2008 nayo ikawa namba D. Kwenye kuuza gari hiyo lugha ina kazi yake, kwa sababu mnunuzi anapima gari limekaa nchini muda gani. Kwenye spea haikusaidii kitu.

Hata mwaka wa kwenye kadi uuchukue kwa tahadhari. Mara nyingi unatokana na karatasi za Japani, na karatasi hizo zinataja gari lilisajiliwa mara ya kwanza lini. Gari lililotengenezwa Desemba 2004 linaweza kukaa yadi na kusajiliwa 2005. Kwa chujio la mafuta hiyo haina noma. Kwa taa, bampa au shoo, miezi michache inatosha kukulaza na hasara.

Sasa ukweli wa gari unakaa wapi? Fungua boneti, angalia ule ukuta unaotenganisha injini na kabini. Kuna kibao cha chuma. Tafuta palipoandikwa MODEL, ENGINE na FRAME NO. Magari haya ya soko la Japani hayatumii ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yanatumia kodi ya modeli, kistari, kisha namba ya gari lenyewe, mfano NCP61-0xxxxxx. Namba hiyohiyo ndiyo chesisi namba ya kwenye kadi, kwa hiyo hata kama kibao kimejaa vumbi la Dodoma, kadi inakutoa.

Kwa muuzaji, utamu uko kabla ya kistari. Kwa IST ya kwanza utakuta moja kati ya tatu. NCP60 ni injini ya 1.3, yaani 2NZ-FE. NCP61 ni ya 1.5, 1NZ-FE. NCP65 nayo ni 1.5, lakini inavuta matairi yote manne. Toleo la pili lina NCP110 ya 1.5, NCP115 ya 1.5 inayovuta manne, na ZSP110 ya 1.8, ambayo injini yake ni 2ZR-FE. Ukizijua sita hizi umeimaliza familia nzima ya IST, na mteja akikutajia kodi unajua papo hapo unaongea na gari gani.

Lakini usibandike kodi zote sita kwenye kila spea. Kila kifaa kina kitu chake kinachokiamua. Vya injini, kama chujio la oili au plagi, vinafuata injini, bila kujali bodi. Injini ya 1NZ-FE imo kwenye IST ya NCP61, imo kwenye Premio na Allion za NZT240, imo pia kwenye Probox ya NCP51. Ukiwa na mzigo wa hivyo, andika injini mbele kisha orodhesha magari, soko lako linatanuka bila kumdanganya mtu. Vya miguuni, kama shokapu na bushi, vinafuata bodi na matairi yanayovutwa. Ndiyo maana vifaa vya nyuma vya NCP65 usiviuze kwa NCP61 kwa kigezo kwamba zote ni 1.5. Vya sura, kama taa, bampa na shoo, vinafuata tarehe ya kiwandani.

Tuichukue taa, maana ndiyo inayoliza wengi. Tuseme kuna mshkaji wa Nkuhungu, IST yake namba D, kadi inasema 2005, taa ya mbele imepasuka. Anakuandikia: "Nina shida na taa ya kushoto." Jambo la kwanza, kushoto kwa nani? Watu wengi wanasimama mbele ya gari, wanaitazama, na wanataja upande wa mkono wao. Upande wa gari unahesabiwa ukiwa umekaa ndani, umetazama mbele. Kwa magari yetu, kulia ni upande wa dereva, kushoto ni upande wa abiria. Andika hivyo kwenye tangazo na umuulize hivyo mteja: "Ni upande wa dereva?" Anajibu ndiyo. Kumbe alikuwa anataka ya kulia.

Jambo la pili, sura ipi? Kodi yake ni NCP61, kwa hiyo toleo la pili limetoka kwenye hesabu. Bado hujajua kama ni kabla au baada ya Mei 2005. Mwambie auvute mkanda wa siti mpaka mwisho, asome lebo ya chini. Mikanda ya Japani kwa kawaida ina mwaka na mwezi ilipotengenezwa, na mkanda hautangulii gari kwa muda mrefu. Akikuta mwishoni mwa 2004, unaelekea sura ya kwanza. Hicho ni kidokezo tu, kwa sababu mkanda unaweza kuwa umebadilishwa. Thibitisha na taa za nyuma: kama ni za LED, hiyo ni sura ya pili.

Jambo la tatu ndilo linalofunga kesi. Taa yenyewe ya Japani ina jina la kiwanda na namba vilivyochapwa kwenye kioo chake. Mwambie aifute taa, apige picha ya ile namba kwa karibu. Linganisha na namba ya taa uliyonayo mkononi. Zikifanana, tuma. Zisipofanana, kausha kwanza, hata kama kwa macho zinafanana. Na uliza kama taa yake ni ya balbu ya kawaida au ya zenoni, kwa kuwa ya zenoni inataka kifaa chake cha umeme na nyaya zake.

Namba ya kioo ina uzito kuliko kadi kwa sababu moja: magari yetu yameshapita mikononi mwa mafundi. Kuna IST ya 2003 iliyogongwa, ikavalishwa sura ya 2006, taa, shoo na bampa kwa pamoja. Chesisi inasema kimoja, uso unasema kingine. Injini nayo hivyohivyo: NCP60 inaweza kuwa imeshawekewa 1NZ. Kwa spea ya injini, mteja asome herufi zilizogongwa kwenye injini yenyewe, asikusomee kibao peke yake.

Basi tangazo la taa hiyo linasomeka hivi:

"Taa ya mbele ya kulia (upande wa dereva), Toyota IST NCP60, NCP61 na NCP65. Sura ya kwanza, Mei 2002 mpaka Mei 2005. Balbu ya kawaida, siyo zenoni. Mtumba wa Japani, masikio yote mazima, mkwaruzo mdogo kona ya chini kama picha ya tatu inavyoonyesha. Namba ya kwenye kioo iko picha ya pili. Haiingii IST ya sura mpya baada ya Mei 2005, wala NCP110, NCP115 na ZSP110. Kabla hujalipa nitumie picha ya kibao cha chesisi na ya namba ya kioo cha taa yako."

Sentensi ya "haiingii" wengi wanaikwepa kwa kuhofia kufukuza wateja. Inafukuza wale tu ambao wangerudisha mzigo.

Ukiwa unauza kifaa kipya, weka pia namba ya spea. Za Toyota huwa tarakimu kumi, tano halafu kistari halafu tano. Tano za mwanzo zinataja ni kifaa gani: 81110 ni taa kamili ya mbele ya kulia, 81150 ni ya kushoto, 48510 ni shokapu ya mbele ya kulia, 48520 ya kushoto. Tano za mwisho zinataja ni ya gari lipi. Kwa hiyo ukiandika "81110" peke yake umesema "taa ya kulia" na hujasema ya nani. Toyota wenyewe hubadilisha namba wakiboresha kifaa, hivyo mteja akija na namba ya zamani usimkatalie haraka. Ingiza chesisi namba yake kamili kwenye katalogi ya Toyota, itakuonyesha mwezi gari lilipotengenezwa na namba inayotumika sasa.

Kwa wewe unayepokea kifurushi Nanenane, kazi haijaisha ukishasaini. Usimpe fundi taa moja kwa moja. Iweke kando ya ile ya zamani, linganisha namba, masikio na soketi ya waya. Kama sikio moja halielekezani na tundu lake, mzuie fundi asilazimishe. Sikio likivunjika, muuzaji ana haki ya kukataa kuipokea, na wewe umebaki na taa ya gari la mtu mwingine. Ikiwa nzima ila hailingani, ipige picha pamoja na boksi lake, umtumie muuzaji siku hiyohiyo. Na wewe uliyeko upande wa kuuza, weka hilo wazi tangu mwanzo: taa isiyofungwa inarudi, na nauli ya basi analipa yule ambaye maelezo yake yalikosea. Tangazo lako likiwa na kodi, miezi, upande na namba, mtajua wote wawili ni nani.